Mto Sabaki unakula nini, na nadharia ya mwendelezo inaishia wapi

*"Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili, kwetu ni Malindi, na naandika mapitio ya tafiti kuhusu vyanzo vya nishati katika Mto Sabaki. Sura yangu nimeijenga juu ya nadharia ya mwendelezo wa mto: juu mto unakula majani ya miti, katikati unakula mwani, chini unakula mabaki yaliyoshuka. Msimamizi ameandika pembeni, 'Haifai mito ya kitropiki,' basi, bila maelezo. Niifute sura yote? Halafu huku kwetu masika mto ni mwekundu kama udongo wa kufinyangia, na kiangazi una ukijani. Niandike kuhusu mto upi?"*

Marahaba mwanangu. Usiifute. Msimamizi wako ana haki ya kushtuka, lakini sentensi yake ni fupi mno kwa jambo hili, na ukiinakili ilivyo utakuwa umebadilisha kosa moja kwa jingine. Nadharia hiyo inauliza swali zuri sana: katika kila sehemu ya mto, chakula kinachoendesha maisha ya humo kinatoka wapi? Tatizo la Sabaki liko kwenye majibu yake.

Turudi kwanza kwenye nadharia yenyewe, maana wengi wanaipinga wakiwa wameona mchoro wake tu. Ilitolewa mwaka 1980 na Vannote na wenzake wanne, na mito waliyoifikiria ni ile ya Amerika Kaskazini inayoanzia msituni. Vijito vya juu, vya daraja la 1 hadi la 3 kwa hesabu inayoanzia kijito kisichopokea kingine na kupanda kadiri mito inavyoungana, ni vyembamba, miti imevifunika, jua halifiki majini. Mwani haustawi, lakini majani yanadondoka kwa wingi, hasa msimu wa kupukutika. Wadudu wenye meno ya kurarua huyakatakata, na vipande vidogo huchukuliwa na maji. Mto ukifika daraja la 4 hadi la 6 umepanuka, jua linafika chini, mwani unaota juu ya mawe, na hapo usanisinuru unazidi upumuaji. Ukipita hapo mto ni mkubwa, una kina na tope, jua halipenyi tena, na wanyama wake wanachuja na kukusanya chembe ndogo ambazo wenzao wa juu walizipoteza. Kiini cha nadharia ni hicho: kila sehemu inaishi kwa uzembe wa sehemu iliyo juu yake.

Kwa hiyo ukitaka kuipima, usiulize tu kama juu kuna majani na katikati kuna mwani. Uliza kama sababu ni hizo zilizotajwa. Na usiwasingizie wenyewe kwamba walidai sheria isiyo na nafasi ya kutofautiana. Katika makala ileile walikubali kwamba pale ambapo vijito vya juu havina kivuli, kama nchi kame au milima mirefu, mto unaweza kuanza na mwani badala ya majani. Mapitio mengi huruka sehemu hiyo. Wewe iweke, itakulinda mbele ya wasahihishaji.

Sasa tushuke na mto wako. Unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, unapokea mito ya kutoka kusini mwa Nyandarua, unapita maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, unaambaa na uwanda wa Yatta, unakutana na Mto Tsavo na kuwa Galana, unavuka nyika ya Tsavo Mashariki, na mwisho ndio Sabaki unaoingia baharini kaskazini ya mji wenu. Katika safari hiyo nadharia inakwama mahali patatu, na kila mahali inakwama kwa namna yake.

Pa kwanza ni vijito vya juu. Mwaka 2002 Dobson na wenzake waliuliza hadharani wararua majani wa vijito vya milimani Afrika Mashariki wako wapi, kwa sababu wadudu wa kundi hilo waliopatikana walikuwa wachache mno. Wengi wakakimbilia kuandika kwamba kwetu hawapo kabisa, kwa kuwa maji yetu ni ya vuguvugu na bakteria na kuvu huozesha majani mapema. Joto lina mchango, ni kweli. Lakini mwaka 2014 Masese na wenzake, wakifanya kazi kwenye vijito vya nyanda za juu za Kenya, hawakutegemea majedwali ya Ulaya na Amerika yanayosema mdudu fulani anakula nini. Waliangalia yaliyomo tumboni. Wakakuta aina nyingi za wararua majani kuliko ilivyodhaniwa. Na kaa wa maji baridi, ambaye hayumo katika hesabu za wadudu, anararua majani vilevile, na kwa uzito anaweza kuwapita wadudu wote wa kijito. Katika sura yako, basi, kila utafiti uliotangaza uhaba wa wararua uandikie kando: waliangalia matumbo au walisoma jedwali? Waliwahesabu kaa au waliwaacha? Swali hilo peke yake litapunguza nusu ya ubishi unaouona kwenye maandiko.

Pa pili ni katikati, na hapa ndipo ninapotaka usimame sana, kwa sababu ndipo mto unapomdanganya mtafiti. Ukienda Athi kiangazi, mbali chini ya Nairobi, utakuta maji yametulia, tope limepungua, mwani umejaa. Ukiwa na mchoro wa 1980 mkononi utasema: tazama, mto umepanuka, jua limefika, nadharia imethibitika. Hapana. Mwani huo unalishwa na jiji. Maji taka ya Nairobi huingiza nitrojeni nyingi, hasa kama amonia, pamoja na mabaki ambayo bakteria huyala kwa pupa mpaka oksijeni inashuka. Kadiri maji yanavyoendelea kushuka, bakteria wengine huigeuza amonia kuwa nitrati, na mwani ukipata nitrati, jua na muda wa kutosha, unastawi. Marwick na wenzake walilifuatilia jambo hili katika mto wenu huuhuu na kulichapisha mwaka 2014. Walichokiona ni kwamba misimu inatofautiana mno: kiangazi maji hukaa njiani muda mrefu na viumbe hupata nafasi ya kuitumia nitrojeni ile, lakini mvua ikinyesha maji yanakimbia, na nitrojeni inafika baharini kabla ya kuliwa.

Utajuaje kwamba mwani umelelewa na jiji na si na upana wa mto? Tazama nitrojeni-15, ile aina nzito ya nitrojeni. Nitrojeni ya maji taka ikipotea hewani kama amonia au ikiliwa na bakteria wa pasipo na oksijeni, ile nyepesi hutangulia kuondoka na nzito hubaki. Mwani unaokula mabaki hayo hubeba alama nzito ambayo mwani wa kijito safi hauna. Ukiikuta alama hiyo katika chembe za mtoni, usiandike kwamba daraja la mto limeleta mwani. Andika kwamba umbo linafanana na la nadharia, sababu ni nyingine.

Pa tatu ni kutoka Tsavo hadi baharini. Nadharia ya 1980 haikuweka nafasi ya mnyama mkubwa. Kiboko mmoja hula nyasi nchi kavu usiku, yapata kilo 40, kisha mchana kutwa analala majini na kunya humo. Ni mkanda wa kusafirisha nyasi za nyika kuzipeleka mtoni, na haujali uko daraja la ngapi. Kwenye Mto Mara, Subalusky na wenzake walikadiria kwamba viboko zaidi ya 4,000 huingiza kinyesi kibichi cha kama tani 36 kila siku. Nakuomba sana usiichukue takwimu hiyo na kuipachika Sabaki. Idadi ya wanyama, wingi wa maji na urefu wa mabwawa wanamolala ni vitu tofauti, na nimeona mapitio yakiharibika kwa takwimu ya Mara iliyohamishwa bila ruhusa ya mto. Unachoweza kuhamisha ni utaratibu wenyewe: chakula kinaingia kutoka ubavuni, tena kinaingia hata wakati mvua haijanyesha na hakuna maji ya kukisomba kutoka nchi kavu. Ng'ombe na mbuzi wanaoshuka kunywa maji hufanya kazi ya namna hiyo, ingawa wao hawakai majini kutwa.

Halafu inakuja masika, na rangi uliyoitaja. Wekundu ule ni udongo. Maji yakiwa hivyo, mkono ukizamisha kidogo tu huoni vidole, na mwani hauwezi kuishi gizani. Ukipima utakuta upumuaji umezidi usanisinuru, kama nadharia inavyotabiri kwa mto mkubwa. Lakini kaboni iliyomo kwa sehemu kubwa haikudondoka kinywani mwa mdudu yeyote wa juu. Imetoka kwenye mashamba, malisho na makorongo, imenata kwenye chembe za mfinyanzi, na nyingine ina umri mkubwa na bakteria hawaipendi. Malindi mna shahidi wa jambo hili ndani ya bahari yenu: matumbawe ya hifadhi yalichunguzwa na Fleitmann na wenzake, na mwaka 2007 wakaonyesha kwa kipimo cha bariamu katika matabaka yake kwamba udongo unaoletwa na mto uliongezeka ghafla mwanzoni mwa karne ya 20, wakati matumizi ya ardhi huko bara yalipobadilika. Mto mwekundu unaouona leo, basi, si umbo la asili la "mto mkubwa wa chini". Una historia ya watu ndani yake.

Umeuliza uandike kuhusu mto upi. Andika yote miwili, na usiichanganye ndani ya wastani mmoja. Wastani wa mto mwekundu na mto wa kijani ni mto ambao haupo. Panga tafiti zako kwanza kwa msimu, kisha kwa sehemu ya mto, ndipo utaona kwamba baadhi ya zinazoonekana kupingana zilipima miezi tofauti tu.

Sasa nikupitishe kwenye mfano mmoja wa hesabu, kwa sababu sura nyingi za mapitio hukubali namba za isotopu, yaani za aina nyepesi na nzito za elementi moja, bila kuzihoji. Mfano huu nimeutunga, lakini namba zake ni za kawaida. Tuseme mtu amechuja maji ya darajani Sabaki wakati wa kiangazi, akapima kaboni-13 ya chembe na kupata −20‰. Miti, vichaka na mimea mingi ya aina ya C3 iko karibu na −28‰. Nyasi za nyika, mahindi na mtama, aina ya C4, ziko karibu na −12.5‰. Umbali kati ya vyanzo viwili ni 15.5. Sampuli imepanda 8 kutoka upande wa miti. Gawanya 8 kwa 15.5, unapata 0.52. Mtafiti anaandika: asilimia 52 ya kaboni ni nyasi, pengine kupitia viboko. Inasomeka vizuri sana.

Lakini kuna chanzo cha tatu ambacho hesabu haikukialika, nacho ni mwani. Mwani wa mtoni hauna thamani moja ya kudumu. Unachukua kaboni iliyoyeyuka majini, na thamani yake hufuata ya maji hayo, kwa kawaida ikiwa chini yake kwa takriban 20. Kama kaboni iliyoyeyuka hapo darajani iko karibu na 0‰, mwani wake unaweza kukaa kwenye −20‰ bila unyasi hata mmoja kuingia mtoni! Namba ileile, hadithi mbili zisizokutana.

Kinachotenganisha hadithi hizo ni kipimo cha pili, uwiano wa kaboni na nitrojeni katika chembe zilezile. Mwani hai huwa kati ya 6 na 8 hivi. Kinyesi cha mla nyasi huwa juu zaidi, kwa sababu ni nyuzi tupu za nyasi. Kwa hiyo kama sampuli yetu ya −20‰ ina uwiano wa 7, na maji yalikuwa ya kijani, mimi ningesema mwani umetawala na ile asilimia 52 ningeitupa. Kama uwiano ni 18, ningeanza kuwaamini viboko. Ukiwa katikati, kwa mfano 11, kuna udongo ndani, na hapo vipimo viwili havitoshi, utahitaji cha tatu. Kila utafiti unaoupitia ukague mambo hayo: je, walipima mwani wenyewe au kaboni iliyoyeyuka? Je, waliondoa chokaa kwa mvuke wa asidi kabla ya kupima? Chokaa ikibaki kwenye kichujio huipandisha thamani ya kaboni-13, na mtu anaona nyasi ambazo hazipo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ningependa lisikupite, kwa sababu ndilo lililogawanya wataalamu wa mito mikubwa. Kilicho kingi majini si lazima ndicho kinacholiwa. Mto unaweza kujaa udongo na nyuzi za nyasi, na bado samaki na kamba wake wakajenga miili yao kwa mwani mchache, kwa kuwa mwani una protini na mafuta wanayoyahitaji na unasagika kwa urahisi. Thorp na Delong waliliweka hili mbele mwaka 1994 walipopendekeza kwamba mito mikubwa huishi zaidi kwa kinachozalishwa papo hapo. Ndiyo maana tafiti za chembe na tafiti za nyama ya wanyama ziwekwe mbali katika jedwali lako. Ya kwanza inajibu mto umebeba nini, ya pili inajibu nani amekula nini. Nyama ya samaki pia ina kumbukumbu ya majuma hadi miezi, hivyo samaki aliyevuliwa masika anaweza kuwa anakueleza habari za kiangazi kilichopita.

Utaambiwa pia na watu, "Acha mwendelezo, weka nadharia ya mdundo wa mafuriko." Hiyo ni ya Junk, Bayley na Sparks, 1989, na inasema chakula cha mto mkubwa hutoka kwenye nyanda zake zinazofurika na kukauka kila mwaka. Kwa Tana ya chini, kuanzia Garissa kwenda Hola na Garsen hadi delta ya Kipini, ningekukubalia mara moja: kuna uwanda mpana, kuna maziwa yaliyoachwa na mto, na watu wamelima na kuvua kwa kufuata maji hayo vizazi na vizazi. Hata huko, mabwawa ya Masinga hadi Kiambere yanashika tope na kupunguza mafuriko, kwa hiyo mdundo wenyewe umeguswa. Sabaki haina uwanda wa kiasi hicho. Sehemu kubwa ya Galana inapita ndani ya kingo zake katika nchi kame. Ukiiondoa nadharia moja ya kigeni na kuvisha nyingine isiyolingana na mwili, msimamizi ataandika pembeni tena.

Ninachokushauri ni hiki. Bakisha nadharia ya mwendelezo kama orodha ya utabiri, si kama maelezo ya mto. Kwa kila sehemu tatu nilizozitaja, andika inatabiri nini na kwa sababu gani, tafiti zimekuta nini masika, zimekuta nini kiangazi, na sababu iliyoonekana ni ipi. Pale umbo linapofanana na sababu ikatofautiana, kama kwa mwani wa chini ya Nairobi, sema wazi, hapo ndipo sura yako itakuwa na kitu kipya. Mwani wa jiji, viboko wa nyika na udongo wa makorongo wote huingia kutoka ubavuni na kwa msimu. Nadharia iliyojengwa juu ya mtiririko wa juu kwenda chini haina mahali pa kuviweka, na hiyo ndiyo kauli ambayo msimamizi wako alikuwa anaitafuta.

Ikiwa utapenda kuongeza data yako mwenyewe, kuna mahali maandishi yangu hayatoshi. Ukishakuwa na vyanzo vitatu au zaidi na alama mbili tu za isotopu, hesabu ya kugawa mafungu ina majibu mengi yanayokubalika kwa pamoja, na programu ya kompyuta itakupa namba nzuri hata kama haina msingi. Usiiendeshe peke yako. Nenda Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, au kwa watu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, Mombasa, ukiwa na data ghafi na kitabu chako cha uwandani, ukae na mtu anayezijua. Kibali cha utafiti utakipata NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na sampuli yoyote ya ndani ya Tsavo inahitaji ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori, pia.

Kwa kipimo cha oksijeni utashauriwa uwe mtoni kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu usiku kucha viumbe hupumua bila mwani kurudisha kitu, na alfajiri ndipo oksijeni huwa chini kabisa. Saa hiyohiyo viboko wanarudi majini kutoka malishoni, na njia yao ndiyo njia yako. Acha kipimo kinachojirekodi chenyewe kimefungwa darajani tangu mchana, ukakichukue jua likiwa limepanda, ukiwa na mvuvi wa hapo anayejua walikolala.